Deni la Sekunde Mbili

Kisa hiki nimesimuliwa na mwenyewe, kisha nikafungua faili zake nikaona kwa macho yangu jinsi mambo yalivyokwenda mrama. Ni mhariri wa video za sherehe jijini Dar es Salaam, kijana mwenye jicho zuri la picha. Ameniruhusu niandike bila kumtaja, na familia ya harusi yenyewe nayo sitaitaja. Naandika kwa sababu kosa lenyewe halikuwa la uzembe. Ni la haraka, la kurekebisha jambo kwa macho badala ya hesabu, na mtu yeyote mwenye kazi ya kukabidhi Jumamosi anaweza kulifanya, nikiwamo mimi.

Kazi ilikuwa video fupi ya sendofu, ambayo ingeonyeshwa kwenye projekta usiku wa harusi. Ndani yake kulikuwa na klipu moja ambayo familia nzima iliisubiri. Ina urefu wa sekunde 12. Bibi harusi anaingia ukumbini, anatembea kwa maringo, na kwenye sekunde ya 5 bomba la karatasi za kumeta linalipuka pembeni yake, naye anarusha mkono juu. Kwenye sekunde ya 8 mshereheshaji, aliyesimama karibu naye, anaangalia kamera na kutamka jina la bibi harusi kwa sauti ya kumtukuza. Kamera ilirekodi fremu 50 kwa sekunde, na video ya mwisho ilikuwa ya fremu 25 kwa sekunde. Shikeni namba hizi: 12, 5 na 8.

Kijana aliiweka klipu kwenye Premiere Pro, akachagua Time Remapping, akashusha mwendo hadi asilimia 50 kuanzia sekunde ya 4 hadi ya 6, ili mkono na karatasi zielee. Picha ikawa tamu. Fremu 50 zikitandazwa kwa nusu mwendo katika video ya fremu 25, kila fremu ya kamera inapata nafasi yake moja, hakuna inayorudiwa. Hapo alikuwa sahihi kabisa.

Dalili ya kwanza ilikuwa imelala mbele yake kwenye taimlaini. Kipande cha picha kilikuwa kimerefuka hadi sekunde 14, na kipande cha sauti chini yake kikabaki na sekunde 12. Time Remapping ya Premiere hubadilisha mwendo wa picha peke yake. Sauti inabaki kwenye asilimia 100, hata kama vipande viwili vinaonekana bado vimeunganishwa. Sekunde mbili za tukio zilikuwa zimechukua sekunde nne kuonyeshwa. Hilo ni deni la sekunde mbili, na deni la muda halifutiki lenyewe: kila kitu kinachokuja baada ya slomo kinachelewa kwa kiasi hicho, hadi pale mhariri atakapolilipa kwa kuongeza mwendo mahali pengine au kwa kukata.

Alipocheza, sauti ya mshereheshaji ilisikika sekunde mbili kabla ya mdomo kufunguka. Aliliona hilo. Akatenganisha sauti na picha, akaisukuma sauti yote mbele sekunde mbili, mdomo ukakaa sawa. Msaidizi wake, kijana mdogo zaidi aliyekuwa pembeni, akauliza:

“Kaka, mbona mlio wa bomba unakuja nyuma?”

“Muziki utafunika hapo,” akajibiwa.

Msaidizi alikuwa na haki ya kuuliza. Fanyeni hesabu: mlipuko ulikuwa kwenye sekunde ya 5 ya klipu, yaani katikati ya slomo. Picha yake sasa ilionekana kwenye sekunde ya 6, kwa sababu sekunde ya kwanza ya slomo ilikuwa imeongeza sekunde moja tu ya deni. Sauti yake, baada ya kusukumwa, ilikuwa kwenye ya 7. Huwezi kusawazisha kwa kusukuma kipande kizima, maana kabla ya slomo deni ni sifuri, katikati linakua, na baada yake ni sekunde mbili kamili. Ukisukuma sauti kwa kiasi kimoja, sehemu moja tu itakaa sawa. Huu ndio ufa ulioanzisha yote, na jibu la “muziki utafunika” ndilo lililouziba kwa karatasi. Nasema hivyo bila kumcheka. Ni maneno ambayo katika kila chumba cha uhariri nilichowahi kukaa yamesemwa, na mara nyingi muziki hufunika kweli.

Familia ikaitazama. Mama wa bibi harusi akafurahi, ila akawa na ombi. “Mwanangu, pale anaporusha mkono, hatuwezi kuweka vumbi la dhahabu limtoke mkononi?” Kaka wa bibi harusi naye akaongeza lake: klipu ianze kwa kasi, halafu ghafla iende pole pale kwenye mkono. Kwa lugha ya kazi, alitaka rampu.

Kijana akaihamishia klipu ghafi kwenye After Effects. Akafuatilia mkono wa bibi harusi kwa Track Motion, akaweka leya ya rangi tupu juu ya picha, akaitia CC Particle World, chanzo cha chembe akakifunga kwenye ule ufuatiliaji. Kwa mwendo wa kawaida dhahabu ilimtoka mkononi vizuri mno. Ndipo akaibofya leya ya picha na kuchagua Enable Time Remapping, akaweka alama zake: kasi maradufu mwanzoni, pole kwenye mkono, kisha kawaida. Alama hizo aliziweka kwa jicho, akacheza, akasogeza, akacheza tena.

Na hapa ikatokea dalili ya pili. Mkono ulipokuwa umeshaanza kupanda polepole, dhahabu ilikuwa bado iko chini, haijaanza kupanda. Hili si hitilafu ya programu. Time Remapping inawekwa kwenye leya moja na kuathiri chanzo cha leya hiyo tu. Leya ya dhahabu iliyo juu yake haijui kwamba muda wa picha umegeuzwa. Inaendelea kuhesabu muda wa kompozisheni, sekunde kwa sekunde. Hata angeiweka CC Particle World moja kwa moja juu ya leya ya picha ingekuwa vilevile, kwa sababu After Effects kwanza hugeuza muda wa chanzo, kisha ndipo hupaka madoido juu yake, na madoido hayo yanafuata saa ya nje.

Kijana alilitatua kwa njia ambayo wengi wetu tungeikimbilia. Akachagua alama zote za ufuatiliaji, akashikilia Alt na kuzivuta hadi zikatandaa sawa na slomo. Dhahabu sasa ikawa inatoka mkononi kweli, kila fremu. Kwa mtazamaji wa haraka kazi imekwisha.

Lakini angalieni chembe zenyewe zilipokuwa zikianguka. Karatasi za kumeta, ambazo ni za kweli na zilirekodiwa na kamera, zilikuwa zinaelea kwa nusu mwendo. Dhahabu ya kompyuta, pembeni yake kabisa, ilikuwa inashuka kwa mwendo kamili na kufifia kabla karatasi hazijafika mabegani. Alikuwa amepunguza mwendo wa chanzo, hakupunguza muda wa maisha ya chembe, wala kasi yao, wala uvutano. Hii ndiyo dalili ninayowaomba muikariri kuliko zote: panapokuwa na kitu halisi kinachoanguka na kitu cha kompyuta kinachoanguka kwenye fremu moja, vilinganishe viwili hivyo. Kitambaa, nywele, maji, karatasi, vumbi la barabarani, chochote. Kimoja kikishuka haraka kuliko mwenzake, basi kuna leya inayoishi kwenye saa nyingine.

Angeweza kujaribu kurekebisha namba za chembe. Kwa nusu mwendo, kasi ya kutoka igawanywe kwa mbili, maisha yazidishwe kwa mbili, na uvutano ugawanywe kwa nne, si kwa mbili, kwa kuwa umbali wa kitu kinachoanguka unakua kwa mraba wa muda. Wengi hukosea hapo hapo kwenye uvutano, chembe zikaonekana nzito kwa namna isiyoelezeka. Hata hivyo hesabu hiyo inafaa tu pale ambapo klipu yote ina mwendo mmoja. Rampu ina kasi maradufu, kisha nusu, kisha kawaida, na kati yake mabadiliko laini. Hakuna namba moja ya uvutano itakayotosha miendo hiyo yote, na chembe iliyozaliwa kwenye mwendo mmoja hufa kwenye mwendo mwingine.

Alirenda picha bila sauti, akairudisha Premiere, akaibandika mahali pa klipu ya zamani. Sauti hakuigusa. Kwa maneno yake mwenyewe: “Sauti nilikuwa nimeshaimaliza.”

Mnaona kilichotokea? Toleo la kwanza lilikuwa na deni la sekunde mbili, naye akasukuma sauti sekunde mbili. Toleo la pili lilianza kwa kasi maradufu, na ile kasi ililipa deni. Mdomo wa mshereheshaji ulirudi kwenye sekunde ya 8 au karibu sana na hapo. Sauti yake ikabaki kwenye ya 10. Mlipuko wa bomba ulionekana kwenye sekunde ya 4, mlio wake ukabaki kwenye ya 7. Dalili ya tatu ilikuwa kwamba urefu wa picha umebadilika tena, kutoka 14 kurudi 12, na hakuna aliyejiuliza sekunde mbili zimekwenda wapi.

Usiku wa harusi muziki haukufunika chochote. Kwenye chumba cha uhariri alikuwa anasikiliza kwa spika ndogo za mezani. Ukumbini kulikuwa na spika kubwa, na mlio wa bomba ulisikika kama bomba la pili limelipuka nyuma ya meza kuu. Watu wa mbele waligeuka kutazama. Kisha mshereheshaji kwenye pazia akafungua mdomo, akaufunga, akatabasamu, ndipo jina la bibi harusi likatoka. Mshereheshaji yuleyule alikuwa amesimama ukumbini na kipaza sauti mkononi. Ukumbi ulicheka. Mama hakucheka.

Mtu anaweza kusema sekunde mbili ni kosa kubwa mno, mimi langu huwa la fremu chache tu. Fremu chache zinatosha. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina pendekezo la mwaka 1998, namba BT.1359, linalosema watazamaji huanza kugundua tofauti pale sauti inapotangulia picha kwa takriban milisekunde 45, au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Fremu moja ya video ya fremu 25 ni milisekunde 40. Kwa hiyo sauti ikitangulia kwa fremu mbili umeshagundulika, na ikichelewa una nafasi ya fremu tatu hivi. Sauti inayochelewa tunaivumilia zaidi kwa kuwa ndivyo dunia ilivyo: anayepasua kuni ng'ambo ya bonde shoka lake unaliona kwanza, unalisikia baadaye. Ukilazimika kukosea, kosea upande huo.

Sasa tuijenge upya klipu ileile, kama alivyoijenga baadaye tulipokaa wawili.

Jambo la kwanza tuliloamua ni hesabu, kabla ya kugusa programu. Slomo inaanza sekunde ya 4 ya klipu hadi ya 6, kwa nusu mwendo: itachukua sekunde nne, deni ni mbili. Kabla yake kuna sekunde nne za bibi harusi akitembea. Tukizipeleka kwa asilimia 200 zitachukua sekunde mbili, na hapo tumeweka akiba ya sekunde mbili kabla hata ya kukopa. Maana yake, slomo itaanza kwenye sekunde ya 2 ya video na kuisha kwenye ya 6, na kuanzia hapo sekunde ya 6 ya klipu iko kwenye sekunde ya 6 ya video. Mshereheshaji atabaki kwenye ya 8, na sauti yake ya asili haihitaji kusukumwa hata fremu moja. Kaka wa bibi harusi alipoomba rampu alikuwa, bila kujua, ameomba dawa ya tatizo lenyewe.

Tukafungua After Effects. Kompozisheni ya ndani tuliiita GHAFI, tukaipa fremu 50 kwa sekunde kama kamera. Ndani yake tukaweka picha kwa mwendo wa kawaida, ufuatiliaji wa mkono kwa mwendo wa kawaida, na CC Particle World kwa mwendo wa kawaida. Hakuna mwenye kugeuza muda humo ndani. Dhahabu na karatasi zinaanguka pamoja, na hapo ndipo pa kurekebisha ukubwa, rangi na uvutano hadi mtu aridhike. Kisha GHAFI nzima tukaiingiza kwenye kompozisheni ya nje yenye fremu 25, na Enable Time Remapping tukaiweka hapo nje, juu ya GHAFI kama leya moja. Kwa kufanya hivyo, saa ikigeuzwa inageuzwa kwa wote, kwa mkono, kwa karatasi na kwa chembe.

Kuna kisanduku kimoja cha kuchungulia. Kwenye Composition Settings ya GHAFI, ukurasa wa Advanced, kuna maneno “Preserve frame rate when nested or in render queue”. Kikiwa wazi, After Effects huiuliza kompozisheni ya ndani hali yake kwa nukta yoyote ya muda, hata katikati ya fremu mbili, na chembe huchorwa upya hapo hapo, laini kabisa. Kikiwekwa tiki, chembe hushikwa kwenye hatua za fremu za ndani. Picha ya kamera haina bahati hiyo. Fremu zake ni 50 tu kwa sekunde, na ukishuka chini ya asilimia 50 zitaanza kurudiwa. Hapo ndipo watu hukimbilia Frame Blending na kuchagua Pixel Motion ili programu ibuni fremu za katikati. Kwenye uso mmoja ulio tulivu inaweza kukuokoa. Kwenye mamia ya karatasi zinazopishana hewani, itazivuta na kuzikunja kingo kama zimeyeyuka. Tulibaki na asilimia 50.

Alama kwenye leya ya nje zilikuwa tano kabla ya mwisho. Nazitaja kwa sekunde, kwanza ya video kisha ya klipu: 0 kwa 0, 2 kwa 4, 4 kwa 5, 6 kwa 6, na 7 kwa 7. Kuanzia hapo mwendo wa kawaida hadi 12. Ile ya 4 kwa 5 ni mlipuko wa bomba. Tuliupigia msumari kwa sababu maalumu: mlio wake na mdundo mzito wa muziki vilipaswa kukutana nao, na ulaini wowote utakaoongezwa baadaye usiusogeze. Huu ndio uzuri wa After Effects. Alama ya Time Remapping haisemi “nenda kwa kasi hii”, inasema “saa hii ya video onyesha saa hii ya klipu”. Unaweza kupinda mstari kati ya alama mbili utakavyo, lakini kwenye alama yenyewe picha itafika kwa wakati. Premiere hufanya kinyume: alama zake ni za kasi, na ukipanua ule mteremko wa rampu kidogo tu, kila kilicho mbele kinasogea. Ndiyo maana kwa rampu yenye kitu cha kuoanishwa naipendelea After Effects.

Katika kulainisha, kijana alitaka kubofya F9 kama ilivyo mazoea. Nikamwomba afungue kwanza grafu ya kasi aone. Easy Ease hushusha kasi hadi sifuri kwenye kila alama. Kwa kitu kinachotembea kwenye skrini, hiyo ni tabia njema. Kwa muda, sifuri maana yake picha inaganda. Bibi harusi angeganda kwenye sekunde ya 2, ya 4 na ya 6. Na ukivuta mikono ya mstari kwa pupa, mstari wa thamani unaweza kushuka kabla ya kupanda, na mstari unaoshuka ni muda unaorudi nyuma: utaona karatasi zikipanda fremu mbili tatu kisha zikishuka. Wakati wa kucheza huonekana kama mshtuko mdogo tu, mtu akadhani kompyuta imekwama. Grafu haifichi, kasi ikienda chini ya mstari wa sifuri, basi.

Ulaini tukaupeleka wote upande wa kasi. Kati ya 2 na 6 mstari tuliuacha umenyooka, kwa sababu wastani wake umeshafungwa na alama kuwa nusu. Sehemu moja ikizidi nusu, nyingine lazima ishuke chini yake, na huko chini fremu zinarudiwa. Mteremko kutoka kasi maradufu tukauweka kabla ya sekunde ya 2, pale ambapo ukizidi hadi asilimia 300 hakuna anayejua. Kurudi kwenye mwendo wa kawaida tukakupa sekunde moja, kati ya 6 na 7, na alama ya 7 kwa 7 ikahakikisha deni ni sifuri kabla mshereheshaji hajafungua mdomo.

Kama dhahabu ingelazimika kukaa nje ya GHAFI, tuseme kwa sababu jina la maharusi linapita kati yake na picha, basi ingewekwa kwenye kompozisheni yake ya mwendo wa kawaida, iwashiwe Time Remapping, na ipewe agizo la kuifuata GHAFI:

```
thisComp.layer("GHAFI").timeRemap
```

Kwa hiyo rampu ikibadilika, dhahabu inabadilika nayo bila mtu kuvuta kitu. Sharti ni kwamba kompozisheni zote mbili zianze kuhesabu sifuri kwenye fremu ileile ya klipu.

Sauti sasa. After Effects, tofauti na ndugu yake, huigeuza sauti pamoja na picha ya leya iliyogeuzwa muda. Nusu mwendo huishusha sauti oktavu moja, mshereheshaji akanguruma. Tukazima spika ya leya ya GHAFI, na sauti ya kamera tukaishughulikia Premiere, vipande vitatu. Sekunde nne za kutembea tuliziacha kwa muziki peke yake. Mlio wa bomba tuliukata kama kipande kifupi, ile nukta ya kwanza ambapo wimbi la sauti linachomoza tukailaza kwenye fremu ya kwanza ambayo karatasi zinaonekana zikitoka, yaani sekunde ya 4. Na kuanzia sekunde ya 7, sauti ya asili ikarudi ilivyokuwa, mahali pake pa awali. Muziki haukuguswa na mgeuzo wowote, umekaa nje ya yote.

Kuna watu wataniuliza juu ya video za muziki, ambapo msanii anaimba kwa slomo na midomo inakubaliana na wimbo. Hapo hakuna uchawi wa uhariri. Wimbo huchezwa kwa kasi maradufu siku ya kurekodi, msanii anaimba kwa kasi hiyo, kamera inashika fremu 50, kisha picha ikipelekwa kwa nusu mwendo midomo inaukuta wimbo wa kawaida. Usiporekodi hivyo, huwezi kuja kulitafuta kwenye kompyuta.

Baada ya kurenda tulitazama faili iliyorendwa. Kucheza ndani ya After Effects hakutoshi, kwa kuwa kompyuta ikizidiwa inachechemea na kukudanganya, na vipokea sauti vya blutuu navyo huchelewesha sauti kwa kiasi chao, ukajikuta unarekebisha kosa lisilokuwepo. Tukaangalia mdomo mwanzoni mwa maneno na mwishoni mwa maneno. Tofauti ikiwa ileile sehemu zote mbili, kuna deni ambalo halijalipwa, tafuta rampu. Tofauti ikikua kadiri video inavyokwenda, basi mwendo baada ya rampu haukurudi asilimia 100, au klipu ilitoka kwenye simu inayobadilisha idadi ya fremu zake yenyewe, na hiyo inabidi igeuzwe kuwa ya fremu thabiti kabla ya kuingia kwenye kazi yoyote.

Ya kwetu haikuwa na tofauti mwanzoni wala mwishoni. Kijana aliipeleka kwa mama kwenye flashi, akamkuta na wifi zake sebuleni. Alimwamkia shikamoo, akaomba radhi ya ukumbini, akawachezea. Mama aliirudia mara kadhaa, kisha akasema dhahabu ni nyingi kidogo, je, inaweza kupunguzwa? Kijana alirudi nyumbani, akafungua GHAFI, akashusha Birth Rate, akarenda. Alama za muda hakuzigusa, wala sauti.